Barua pepe kwa mkandarasi aliyechelewa: pesa isiyoiva si pesa iliyokatwa

Mwezi wa Mei 2025 mama mmoja wa Wete, Pemba, mwalimu mstaafu anayejenga nyumba ya vyumba vinne Fuoni, Unguja, alinipigia simu baada ya sala ya Magharibi. Mimi ni mkadiriaji majenzi, na nyumba yake naijua tangu ilipokuwa mistari kwenye karatasi. "Mwanangu," akaniambia, "nimemwandikia yule bwana barua pepe. Isome kwanza kabla sijaituma."

Barua yenyewe ilikuwa na sentensi tatu. Ya kwanza ilisema tangu Idd kazi haiendi. Ya pili ilisema kuanzia siku hiyo atamkata mkandarasi shilingi 40,000 kila siku. Ya tatu ilisema hela nyengine haitoki mpaka aridhike na kazi. Nikamsihi asiitume. Hasira yake ilikuwa ya haki kabisa, lakini barua ile ingempa mkandarasi majibu matatu mazuri, na sentensi ya pili ingemweka mama mwenyewe katika hali ya kuvunja mkataba.

Nimeona kosa hili mara nyingi, Unguja na Pemba, hasa kwa watu wanaojenga huku wakiishi mbali na saiti. Chanzo chake ni kuchanganya mambo matatu ya malipo ambayo mkataba umeyatenganisha. Kuna pesa ambayo haijaiva, yaani hatua yake haijafikiwa, kwa hiyo mkandarasi hana cha kudai. Kuna pesa iliyokwisha kuiva lakini inabaki mkononi mwa mwenye nyumba kwa muda, kama dhamana ya kasoro. Na kuna pesa inayokatwa moja kwa moja kama fidia ya kuchelewa, ambayo mkandarasi haioni tena. Ukitumia neno "nakukata" kwa zote tatu, hata aliye na haki hueleweka kama mdhulumaji.

Mkataba wa mama huyu ulikuwa wa shilingi milioni 80, mkandarasi akileta nguvukazi na vifaa. Uligawa kazi katika hatua nne, kila moja ikiwa na thamani ya milioni 20: msingi na jamvi la chini ifikapo 28 Februari, kuta na lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, ifikapo 25 Aprili, paa ifikapo 20 Juni, na umaliziaji ifikapo 29 Agosti. Kabla ya kuanza, mkandarasi alipewa advansi ya milioni 16, ambayo ingerudishwa kwa kupunguza milioni 4 katika malipo ya kila hatua. Asilimia 5 ya kila hatua, yaani milioni 1, ingezuiliwa mpaka muda wa kuangalia kasoro uishe. Kwa hiyo hatua moja ikikamilika mkandarasi anapokea milioni 15 mkononi, na mwenye nyumba anatakiwa alipe ndani ya siku 14 baada ya mhandisi msimamizi kuithibitisha.

Fidia ya kuchelewa nayo ilikuwamo: shilingi 40,000 kwa siku, isizidi milioni 4 kwa jumla. Ila kifungu kilisema fidia itahesabiwa "kwa kila siku baada ya tarehe ya kukamilisha kazi". Tarehe ya kukamilisha kazi ni 29 Agosti. Hakuna neno lolote kuhusu tarehe za katikati. Ndiyo maana sentensi ya pili ya barua yake ilikuwa ya hatari. Mwezi wa Mei hakuwa na haki ya kukata hata shilingi moja kwa ajili ya kuchelewa, kwa sababu siku ya kuanza kuhesabu ilikuwa haijafika. Mikataba mingi ya ujenzi imeandikwa hivi, kwa kuwa mkandarasi anaweza kuchelewa kwenye kuta akafidia kwenye paa. Anayetaka fidia kwa kila hatua lazima aiandike hivyo tangu mwanzo, na aiwekee kila hatua kiwango chake.

Alichokuwa nacho mama ni kitu chepesi zaidi kukitumia: hatua ya pili haijafikiwa, kwa hiyo milioni 15 za hatua ya pili hazijaiva. Hapo hakuna adhabu wala kinyongo. Hata mkandarasi mwenyewe hawezi kukataa, maadamu hatua imeandikwa kwa namna ambayo macho yanaweza kuiona. Kwa bahati njema ilikuwa imeandikwa hivyo: "kuta zote zimefika kimo cha lenta, lenta inayozunguka nyumba nzima imemwagwa zege, na mbao za pembeni zimetolewa." Ingekuwa imeandikwa "kuta kukamilika" tu, wangebishana mpaka leo kama lenta ni sehemu ya ukuta au ni sehemu ya paa.

Asubuhi ya Jumatatu 19 Mei nilikwenda Fuoni kuhesabu. Katika nyumba ile kuta zinafika lenta kwenye kozi ya tisa, yaani safu ya tisa ya matofali. Ukuta wa mbele ulikuwa umefika kozi zote tisa. Vyumba vya nyuma vilikuwa kozi ya tano, jiko na choo kozi ya tatu. Nondo za lenta hazikuwapo saiti. Nikakadiria matofali yaliyobaki kujengwa kuwa kama 700. Daftari la mlinzi, ambalo mama alikuwa na busara ya kulianzisha, lilionyesha kuwa wiki iliyopita yalijengwa matofali 140 tu, na mafundi wawili walionekana saiti siku moja, Jumatano.

Hapo pana jambo ambalo mtu wa mbali halioni. Fundi mmoja na msaidizi wake hujenga matofali 70 hadi 100 kwa siku ikiwa maji, mchanga na saruji vipo karibu. Matofali 140 ni kazi ya mafundi wawili kwa siku moja. Kwa hiyo mafundi hawakuwa wazito wa kazi, bali hawakuwapo. Kwa mwendo ule matofali 700 yangechukua wiki tano, ilhali mafundi haohao wakikaa saiti yangekwisha ndani ya wiki moja. Barua inayosema "kazi inakwenda taratibu" inamwachia mkandarasi nafasi ya kuzungumzia mvua. Barua inayosema "mafundi wawili, siku moja kati ya sita" inamtaka aseme mafundi wake wako wapi.

Nikarudi kwa mama na swali ambalo hakulipenda: wewe mwenyewe umechelewesha nini? Hatua ya kwanza ilithibitishwa 10 Machi. Siku 14 zinaishia 24 Machi. Yeye alilipa 3 Aprili, kwa sababu uhamisho wa pesa zake benki ulikwama. Hizo ni siku 10, na ni zake. "Lakini nilimwomba radhi," akasema. Radhi ni jambo la watu wawili na ni jema, lakini kwenye hesabu siku 10 zinabaki palepale. Mwenye nyumba hawezi kuzihesabu dhidi ya mkandarasi siku alizozichelewesha mwenyewe. Nikamshauri azitaje kabla hajatajiwa, na azisogeze tarehe zote: lenta kutoka 25 Aprili hadi 5 Mei, paa kutoka 20 Juni hadi 30 Juni, nyumba nzima kutoka 29 Agosti hadi 8 Septemba. Mkandarasi akikuta siku zake keshapewa kwa maandishi, hana tena pa kuanzia ugomvi.

Palikuwa na jambo jengine, dogo kwa sura. Mwishoni mwa Machi mkandarasi alimwandikia kwenye WhatsApp kwamba vijana wanataka kwenda makwao kwa Idd. Mama akajibu, "Haina neno, mtaendelea baada ya Idd inshallah." Maneno ya mtu muungwana. Lakini mtu akitaka anaweza kuyageuza kuwa ruhusa ya kuchelewa isiyo na mwisho. Kwa hiyo barua ilibidi iyaguse: ratiba iliyosainiwa ilikuwa tayari na siku nne za mapumziko ya Idd, na ujumbe ule haukuongeza siku nyengine.

Mvua za masika zilikuwa na jibu la aina hiyohiyo. Masika huanza Machi na kumalizikia Mei, na Ramadhani ya mwaka huo iliangukia Machi. Mkandarasi alivijua vyote alipotia saini, ndiyo maana kuta zilipewa wiki nane. Mvua isiyo ya kawaida, iliyofurika msingi au kubomoa kitu, ni habari nyengine, na mkandarasi anatakiwa aitoe kwa maandishi mapema inapotokea. Katika mkataba wa mwaka 1999 wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, unaotumika kwenye miradi mikubwa, ana siku 28 za kutoa taarifa tangu alipolijua tukio. Mkataba wa mama ulimpa siku 7, na hakuna taarifa yoyote iliyoletwa. Kuhusu mchanga, ambao kwetu Unguja uchimbaji wake unadhibitiwa na Serikali na foleni yake kila mjenzi anaijua, mkataba ulisema vifaa ni juu ya mkandarasi. Isitoshe, rundo la mchanga lilikuwapo pale saiti, nimelipiga picha mwenyewe.

Hii ndiyo barua tuliyoituma jioni ile, nakala kwa mhandisi msimamizi, kwenye anwani ya barua pepe iliyoandikwa ndani ya mkataba kwa ajili ya taarifa rasmi:

> Mada: Nyumba ya Fuoni – Hatua ya 2 (kuta na lenta) haijakamilika hadi 19 Mei 2025
>
> Ndugu Mkandarasi,
>
> Assalaam alaykum. Nakuandikia kuhusu Hatua ya 2 ya mkataba wetu, ambayo tarehe yake ilikuwa 25 Aprili 2025.
>
> Kwanza nakiri kwamba malipo ya Hatua ya 1 niliyafanya 3 Aprili badala ya 24 Machi. Kwa sababu hiyo nakuongezea siku 10 katika tarehe zote zilizobaki. Hatua ya 2 sasa ni 5 Mei, Hatua ya 3 ni 30 Juni, na kukamilisha kazi yote ni 8 Septemba 2025. Mapumziko ya Idd tuliyoandikiana kwenye WhatsApp yalikuwa tayari ndani ya ratiba, kwa hiyo hayaongezi siku nyengine.
>
> Leo, siku 14 baada ya tarehe mpya, hali ya saiti ni hii: ukuta wa mbele umefika kozi ya 9, vyumba vya nyuma viko kozi ya 5, jiko na choo viko kozi ya 3, lenta haijaanza na nondo zake hazijaletwa. Wiki ya tarehe 12 hadi 17 Mei mafundi wawili walifika siku moja na kujenga matofali 140. Yamebaki kama 700. Picha sita za leo nimeziambatanisha.
>
> Kuhusu malipo: kwa mujibu wa mkataba, malipo ya Hatua ya 2, shilingi 15,000,000 baada ya kupunguza advansi na dhamana, yanaiva hatua itakapothibitishwa na Mhandisi. Kwa kuwa haijafikia hapo, malipo hayo bado hayajaiva. Sikukata chochote. Yakiiva nitalipa ndani ya siku 14. Fidia ya kuchelewa itahesabiwa tu iwapo kazi yote itapita 8 Septemba, kama mkataba unavyosema.
>
> Naomba mambo mawili ifikapo Ijumaa 23 Mei: unieleze kwa maandishi sababu ya mafundi kutokuwapo, na uniletee ratiba ya kufidia muda inayoonyesha idadi ya mafundi kwa kila wiki, siku kuta zitakapomalizika na siku lenta itakapomwagwa. Ratiba hiyo itatusaidia kusimamia kazi. Haibadilishi tarehe za mkataba. Ikiwa kuna kinachokukwamisha kutoka upande wangu, nitajie sasa.
>
> Napendekeza tukutane saiti pamoja na Mhandisi Jumamosi 24 Mei, saa tatu asubuhi.
>
> Ahsante.

Aya ya malipo ndiyo tuliyokaa nayo muda mrefu zaidi. Mama alitaka neno "nazuia". Nikamwomba aliache, kwa sababu huwezi kuzuia kitu ambacho mwenzako hajastahiki, na ukilitumia unakuwa umekiri kuwa anadai. "Hayajaiva" linasema ukweli wenyewe. Sentensi "Sikukata chochote" iliingia kwa makusudi, ili hata kama barua hii itasomwa siku moja mbele ya msuluhishi au hakimu, ionekane mwenye nyumba alijua mipaka yake. Tishio la kuvunja mkataba hatukuliweka. Mkataba ulitaka kwanza itolewe taarifa rasmi ya ukiukaji, na baada yake siku 14 za kurekebisha. Hiyo ni barua nyengine, na kuidokeza nusunusu ndani ya barua ya maendeleo kunaziharibu zote mbili.

Mkandarasi alijibu Alkhamisi, na kwa heshima. Hakuutaja mchanga wala mvua. Alisema mafundi wake walikuwa kwenye saiti nyengine ambako naye alidaiwa kumaliza, na kwamba hana pesa ya nondo. Akaomba milioni 7, karibu nusu ya malipo ya hatua, kwa kuwa nusu ya kuta tayari imesimama.

Ombi kama hili wenye nyumba wengi hulikubali kwa huruma, na hapo ndipo mkataba wa hatua unapokufa. Nikamfanyia mama hesabu mezani. Mkandarasi keshapokea milioni 16 za advansi na milioni 15 za hatua ya kwanza, jumla milioni 31. Kazi iliyothibitishwa ina thamani ya milioni 20. Hata tukizihesabu kuta zile kuwa nusu ya hatua ya pili, ni milioni 30. Pesa ya mama tayari iko mbele ya kazi. Akiongeza milioni 7, itakuwa mbele kwa milioni 8, na yule bwana atakuwa na sababu ndogo zaidi ya kuwarudisha mafundi Fuoni kuliko aliyokuwa nayo jana. Ndivyo advansi ilivyo: hata hatua ya tatu ikishalipwa, pesa ya mwenye nyumba bado iko mbele ya kazi. Hesabu ile ikamfanya mama anyamaze kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa nondo zitatoka wapi?"

Kukataa peke yake kusingejenga lenta. Jumamosi pale saiti tukakubaliana nyongeza ya mkataba ya ukurasa mmoja: mama atanunua mwenyewe dukani nondo na saruji za lenta, kwa shilingi 1,600,000, risiti kwa jina lake, na kiasi hicho kitatolewa kwenye malipo ya hatua ya pili. Kutoka milioni 15 zitabaki 13,400,000. Tukaongeza mstari mmoja kwamba msaada huo ni kwa hatua hii pekee na haubadilishi utaratibu wa malipo wala tarehe. Bila ya mstari ule, hatua ya tatu ingekuja na ombi la kununuliwa mabati, na mkandarasi angesema ndivyo walivyozoeana.

Mafundi wanne walirudi Jumatatu. Kuta zilifika kozi ya tisa kabla ya Idd el Hajj, na baada ya sikukuu wakafunga nondo. Zege la lenta lilimwagwa Jumanne 17 Juni. Alkhamisi mbao za pembeni zilitolewa. Zile za chini ya uwazi wa milango na madirisha mhandisi aliziacha na nguzo zake kwa wiki mbili, maana hapo zege linabeba uzito likiwa bado changa. Magunia ya maji yalikuwa yamelazwa juu ya lenta nyumba nzima, na kijana mmoja akiyamwagia kutwa mara tatu. Mhandisi akazunguka na kipimo chake, akathibitisha hatua siku ileile, 19 Juni, siku 45 baada ya 5 Mei.

Mama alilipa milioni 13 na laki nne tarehe 26 Juni, wiki moja kabla ya siku yake. Pamoja na stakabadhi ya benki akatuma barua pepe ya mistari minne: hatua ya pili imelipwa kamili, tarehe ya paa bado ni 30 Juni, tarehe ya mwisho bado ni 8 Septemba, na siku 45 zimeandikwa kwenye daftari bila ya kukatwa.